Kuomba Nafuu ya Kodi ya Duka Wakati wa Masika

Masika yanapoanza katika pwani ya Kenya, watalii hupungua na baadhi ya hoteli hufungwa kwa muda. Muuza vinyago wa Diani au Malindi hubaki na wateja wachache, na kodi haijapungua. Wengi hunyamaza wakilipa nusu kodi, wakitumai mwenye jengo ataelewa.

Kunyamaza huko kuna hatari. Sheria ya upangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Hawezi kufukuzwa bila ilani ya angalau miezi 2. Lakini sheria hiyo hiyo inahesabu kodi iliyokaa miezi 2 bila kulipwa, au mazoea ya kuchelewesha, kuwa sababu ya kumwondoa. Kwa hiyo ombi lipelekwe Machi, kabla deni halijazaliwa.

Liende kwa barua yenye hesabu. Tuseme kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Januari duka liliuza bidhaa za 210,000, lakini Aprili iliyopita liliuza za 80,000 tu. Kama faida kabla ya gharama ni asilimia 40, Aprili ilileta 32,000. Haitoshi kodi, sembuse stima na mshahara wa msaidizi. Nakala za daftari la mauzo ziambatanishwe. Mwenye jengo husikia vilio vingi, lakini daftari la miaka 2 humwonyesha kwamba biashara hurudi.

Ombi lenyewe litaje kiasi na miezi: alipwe 20,000 kila mwezi, Aprili hadi Juni. Zinabaki 60,000. Hapa ndipo watu hukosana baadaye, mmoja akidhani amesamehewa na mwenzake akidhani anadai. Barua itenganishe: 30,000 zisamehewe, na 30,000 zilipwe kwa awamu za 10,000 Agosti, Septemba na Oktoba, wageni wakiwa wamerudi. Miezi hiyo atalipa 50,000.

Mwenye jengo naye ana hofu yake, hasa akiwa na mkopo wa benki: kwamba kodi ikishashuka haitapanda tena. Nionavyo, hofu hii huua maombi mengi kuliko uchoyo. Sentensi moja huiondoa: kuanzia Julai kodi ni 40,000 kama awali. Akikubali, watie sahihi wote wawili, na kila malipo ya M-Pesa yapewe risiti inayotaja mwezi wake.

Akikataa kupunguza, aombwe akate kodi ya mwezi mmoja kwenye dipoziti, nayo ijazwe msimu ukirudi. Akikataa hilo pia, mpangaji bado ana nafasi ya kutoa ilani na kuhama na bidhaa zake. Akisubiri hadi Juni akiwa na deni, huenda dalali akatumwa kuzikamata.