Barua ya yaya: matendo hupimika kuliko sifa

Barua nyingi za kuomba kazi ya kulea watoto zinafanana. Mwombaji anasema yeye ni mwaminifu, mchapakazi, mpenda watoto na mcha Mungu. Huenda yote ni kweli, lakini mama anayerudi kazini baada ya siku 84 za likizo ya uzazi, kama ilivyo Tanzania, hana namna ya kuyapima. Anachotaka kujua ni jinsi mwanawe atakavyoangaliwa yeye akishatoka. Barua nzuri hujibu swali hilo kwa matendo.

Tuchukue mfano wa dada wa miaka 27 anayeomba kazi Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye mtoto wa miezi minane na kaka yake wa miaka mitatu. Aanze na historia yake, bila kupamba: “Nyumba ya kwanza nilikaa miaka mitatu, nikamlea mtoto tangu ana miezi mitano hadi alipoanza chekechea. Nyumba ya pili nilikaa miezi saba, nikaondoka kwenda kumuuguza mama yangu.” Miezi saba ni muda mfupi, na mwajiri ataushangaa. Sababu ikiwa imeandikwa, anaweza kuiulizia. Ikifichwa, ataibuni mwenyewe.

Majina ya watoto wa zamani, shule zao na picha zao visiwemo. Barua hupita mikononi mwa watu wengi, na mwajiri makini huona kwamba anayetunza siri za nyumba ya jana atatunza na za nyumba yake.

Aya inayofuata ieleze mazoea ya usalama yanayohusu watoto wa umri huohuo. Kwa mfano: “Kabla ya kumwogesha mtoto naweka taulo na nguo karibu. Simu ikilia, naiacha. Nikimaliza, namwaga maji yote.” Sentensi hizi fupi zinaonyesha kwamba mwandishi anaijua hatari. Mtoto wa miezi minane ameanza kujishikiza ili asimame, na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo anaweza kutumbukia na asiweze kujiinua. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, na mara nyingi hapigi hata kelele.

Kwa kaka yake, aandike kuhusu mafuta ya taa. Nyumba nyingi huyaweka kwenye chupa ya soda, na mtoto wa miaka mitatu akiiona huona soda. Yaya anayejua kazi ataandika kwamba huyaweka juu, kwenye chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, na kwamba mtoto akiyanywa hamtapishi wala hamnyweshi maziwa, bali humkimbiza hospitali huku akimpigia mzazi. Kumtapisha kunaweza kuyapeleka mafuta kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoleta madhara makubwa.

Kama amesomea huduma ya kwanza, labda kwa Chama cha Msalaba Mwekundu, aseme lini na nini alichojifunza. Asipokuwa ameisomea asiandike kwamba anaijua, kwa kuwa swali moja litamuumbua: mtoto wa miezi minane akipaliwa na kushindwa kupumua, unafanyaje? Anayejua ataonyesha kwa mkono wake: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, unampiga kwa kitako cha kiganja mara tano katikati ya mabega, kisichotoka, unamgeuza na kumbonyeza kifuani mara tano, kisha unarudia. Hapapasi kooni kwa vidole, maana anaweza kukisukuma ndani zaidi.

Mwisho waje wadhamini. Wawili wanatosha, mmoja kutoka kila nyumba, na waombwe ruhusa kabla namba zao hazijaandikwa. Kila mmoja aelezwe kwa kile alichokishuhudia: “Mama wa nyumba ya kwanza anaweza kueleza nilivyomhudumia mtoto alipopata homa usiku.” Barua ya sifa iliyochapwa bila namba ya simu haina uzito, kwani yeyote anaweza kuitunga. Nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa huthibitisha mwombaji ni nani na anaishi wapi, lakini havisemi lolote kuhusu malezi.

Mwajiri naye apige simu hizo. Swali la “ni mtu mzuri?” huleta jibu la adabu tu. Aulize: mtoto alipoumia, ulijuaje, naye alikueleza au uliona mwenyewe? Aulize pia kama angemrudisha kazini leo. Mdhamini anayemfahamu yaya vizuri hujibu kwa kisa chenye siku na mahali, na kisa hicho kikilingana na kilichoandikwa, mwajiri amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta.