Uandishi wa Maelezo ya Uuguzi: Mfano wa Mama Anayevuja Damu Baada ya Kujifungua

Maelezo ya uuguzi husomwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mhudumu atakayeyasoma usiku uleule, naye hutafuta la kufanya. Wa pili ni mtu atakayeyasoma miezi au miaka baadaye, iwe katika kikao cha kupitia kifo cha mzazi, mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga au mahakamani, naye hutafuta kujua lililotendeka. Mwanafunzi hufundishwa kuwaandikia wote wawili kwa maneno yaleyale, na mfano mmoja wa wodi ya wazazi unatosha kuonyesha namna ya kufanya hivyo.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya darasa. Mama amejifungua kwa njia ya kawaida saa 23:40, na damu iliyopimwa wakati wa kujifungua ilikuwa mililita 250. Baada ya saa mbili na nusu, mkunga wa zamu anamkuta akiwa amelowa damu.

Maelezo dhaifu

«Saa 2 usiku. Mgonjwa anaendelea vizuri ila ni msumbufu, analalamika sana. Anatoka damu nyingi kidogo. Vipimo si vibaya. Daktari ameelezwa. Aendelee kuangaliwa.»

Wanafunzi huombwa wayachambue maelezo haya neno kwa neno. Kosa la kwanza ni saa. Mkunga alitazama saa ya ukutani na kuandika namba aliyoiona, lakini kwa msomaji wa Kiswahili saa mbili usiku ni saa 20:00. Yakisomwa hivyo, maelezo haya yanaonekana kuandikwa mama akiwa bado hajajifungua. Ndiyo sababu wodini hutumika saa za mfumo wa saa 24, na dakika huandikwa pia.

Kosa la pili ni hukumu iliyovaa sura ya habari. «Msumbufu» halielezi alichokifanya mama. Linaeleza alichokihisi mkunga. Hatari yake ni kubwa kuliko utovu wa adabu. Mtu anayepoteza damu huweza kuwa na wasiwasi na kutotulia, na hiyo ni dalili ya mwili wake kuanza kuelemewa. Neno hilo moja limeigeuza dalili kuwa tabia, na anayepokea zamu hatakuwa na haraka ya kumwendea mama «msumbufu».

Kosa la tatu ni kipimo kisicho na namba. «Damu nyingi kidogo» haiwezi kujumlishwa na ile ya awali. «Vipimo si vibaya» haviwezi kulinganishwa na vya saa nzima iliyopita. «Daktari ameelezwa» nako hakusemi ni daktari yupi, saa ngapi, aliambiwa nini wala aliagiza nini.

Maelezo yaliyorekebishwa

«02:10. Mama ameketi kitandani, anajigeuza mara kwa mara, anajibu maswali kwa usahihi. Asema: "Naona kizunguzungu, moyo unanienda mbio." Shinikizo la damu 96/58, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, pumzi 24 kwa dakika, joto 36.6. Mji wa mimba ni laini, juu ya kitovu kwa vidole viwili. Pedi zilizowekwa 01:30 zimelowa. Zimepimwa, gramu 340 baada ya kuondoa uzito wa pedi kavu. Jumla ya damu tangu kujifungua (23:40) ni takriban mililita 590. Mji wa mimba umekandwa. Mpira wa mkojo umewekwa, umetoka mkojo mililita 400.

02:13. Daktari wa zamu (jina) amepigiwa simu, amesomewa vipimo vyote vya 02:10. Ameagiza oksitosini yuniti 10 kwenye msuli na dripu ya chumvi lita 1. Agizo limerudiwa kwake, amelithibitisha.

02:16. Oksitosini yuniti 10 imechomwa paja la kulia. Dripu imeanzishwa mkono wa kushoto.

02:26. Mji wa mimba umekaza. Shinikizo 104/64, mapigo 106. Pedi mpya ina gramu 30. Daktari amefika. (Jina, cheo, sahihi.)»

Maelezo haya ni marefu zaidi, lakini hayana neno la ziada. Kwa kuwa gramu moja ya damu hukadiriwa kuwa takriban mililita moja, uzito wa pedi umeweza kujumlishwa na damu ya awali. Jumla hiyo imevuka mililita 500, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kuvuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Kutoka damu «nyingi kidogo» kusingeonyesha hilo.

Saa nazo zinamsaidia daktari kuamua. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia kuzuia uvujaji, hupendekezwa itolewe ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Daktari aliyefika 02:26 akisoma kuwa mama alijifungua 23:40, anajua mara moja kuwa amebakiwa na dakika 14.

Maneno ya mama yameachwa kama alivyoyasema. Hata katika wodi ambako faili huandikwa kwa Kiingereza, ni salama zaidi kuyanukuu kwa Kiswahili chake kuliko kuyafasiri, kwa kuwa tafsiri tayari ni maoni ya mwandishi. Mkunga pia hakuandika «mama hatulii» kama lawama. Ameandika alichokiona, yaani anajigeuza mara kwa mara.

Mbele ya sheria

Jambo lisiloandikwa huenda lilitendeka, lakini mkunga anayeulizwa baada ya miaka miwili atakuwa na kumbukumbu yake tu ya kulithibitisha. Mfuatano wa 02:10, 02:13, 02:16 na 02:26 unajieleza wenyewe: tatizo limeonekana, limetolewa taarifa, limetibiwa, na matokeo yamepimwa. Hatua hii ya nne ndiyo wanafunzi huisahau mara nyingi.

Kosa la kalamu hukatwa kwa mstari mmoja ili lililoandikwa liendelee kusomeka, kisha huwekwa tarehe, saa na sahihi. Kufuta kwa wino mweupe au kuchana karatasi huzua shaka hata pale ambapo huduma ilikuwa njema. Mkunga aliyekosa nafasi ya kuandika wakati wa dharura huandika baadaye bila kuficha: «Maelezo yaliyochelewa, yameandikwa 04:30, kuhusu tukio la 02:10.» Kubuni saa ili ionekane kuwa aliandika papo hapo ni kughushi, sawa na kuandika kuwa dawa imetolewa kabla ya kuitoa.

Zoezi la darasani

Mkufunzi huwapa wanafunzi maelezo dhaifu na kuwataka wapigie mstari kila neno ambalo watu wawili wangeweza kulielewa tofauti. Kisha huwapa matukio ya mfano huu wayaandike upya. Mwisho, mwanafunzi mmoja husoma maelezo ya mwenzake na kukabidhi zamu kwa kuyategemea hayo tu, huku aliyeyaandika akikaa kimya. Kila swali ambalo mpokeaji wa zamu analazimika kuuliza ni sentensi iliyokosekana kwenye karatasi.