Msumari Wenye Kutu: Tarehe ya Chanjo ya Mwisho Ndiyo Huamua Sindano

Katika maeneo yanayojengwa kwa kasi kama Mwihoko, Kaunti Ndogo ya Ruiru, mbao zilizobanduliwa baada ya zege kukauka huachwa chini zikiwa na misumari iliyosimama. Anayeikanyaga mara nyingi huogopa kutu. Hata hivyo, kutu yenyewe haileti pepopunda. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama kwa miaka mingi. Msumari mpya uliolala kwenye tope unaweza kuwa na hatari sawa na ule wa zamani.

Hatari hutokana na umbo la jeraha. Msumari hutoboa tundu jembamba lenye kina, nao mdomo wake hujifunga upesi. Ndani hakuna hewa, na bakteria hawa hustawi pasipo hewa. Hapo hutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu na kukaza misuli. Ndiyo maana jeraha ambalo halikutoa damu nyingi halipaswi kudharauliwa.

Hatua ya kwanza ni kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji safi mengi yanayotiririka, kisha kulifunika kwa kitambaa safi. Mafuta ya taa, majivu, tumbaku au udongo visitiwe. Iwapo msumari umepita kwenye sandali au kiatu, mhudumu wa afya aambiwe, kwa kuwa kipande cha mpira kinaweza kubaki ndani na kusababisha maambukizi.

Swali linalofuata ni la tarehe. Kinga ya pepopunda hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa jeraha dogo na safi, aliyekamilisha angalau dozi tatu huhitaji sindano ya kuongeza nguvu ikiwa miaka 10 au zaidi imepita tangu dozi ya mwisho. Kwa jeraha lenye kina au uchafu, kama la msumari, muda huo hupungua hadi miaka 5.

Tuchukue mfano wa mafundi wawili waliochomwa siku moja. Wa kwanza ana kijitabu cha kliniki kinachoonyesha dozi tatu za utotoni, na alichomwa sindano ya mwisho miaka 8 iliyopita alipoanguka na pikipiki. Jeraha lingekuwa mkwaruzo safi, asingehitaji sindano. Kwa kuwa ni tundu la msumari, anahitaji dozi moja. Mwili wake unaikumbuka chanjo, hivyo kinga hupanda ndani ya siku chache.

Wa pili hakumbuki kama aliwahi kuchanjwa wala hana kijitabu. Huyu huhesabiwa kama asiye na kinga. Mwili usioijua chanjo huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, ilhali pepopunda huweza kuanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Kwa hiyo, pamoja na chanjo, huhitaji sindano ya kingamwili zilizo tayari, inayochomwa mahali tofauti mwilini. Kisha hurudi kwa dozi ya pili baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12. Akiacha baada ya dozi ya kwanza, atabaki bila kinga ya kutegemewa.

Wanaume wengi huangukia kundi hili la pili au hukaa miaka mingi bila dozi. Watoto nchini huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, nao wanawake huchanjwa tena kliniki wanapokuwa wajawazito. Mwanaume hana ziara kama hiyo, na mara nyingi hukumbushwa na jeraha.

Sindano ni bora ichomwe siku ileile. Hata hivyo, aliyechelewa siku kadhaa bado anapaswa kwenda kituo cha afya. Dawa za kuua bakteria hazichukui nafasi ya chanjo, na maumivu ya mkono baada ya sindano huisha kwa siku chache.

Dalili za kuangaliwa ni taya kukaza na kushindwa kufunguka, shingo kuwa ngumu, shida ya kumeza, na misuli kukakamaa kwa ghafla. Hata moja ikitokea, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama kidonda kimeshapona.

Kabla ya kuondoka kituoni, aliyechanjwa aombe tarehe iandikwe kwenye kadi na aihifadhi. Siku msumari mwingine utakapomchoma, mhudumu atahitaji tarehe hiyo kuamua kama apewe sindano moja, mbili, au asipewe yoyote.