Mkurugenzi Si Lazima Awe Mwenye Kampuni

Gazeti likiandika kwamba kampuni ya mtaani ni mali ya mtu asiye mwenyewe, wenye kampuni hukasirika na kuikimbilia kalamu. Barua nyingi huharibika hapo. Zinamtukana mwandishi, zinaurudia uongo aya nzima, kisha zinamalizia kwamba habari hizo si za kweli. Mhariri hapati hata jambo moja la kuchapisha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kinu cha kusaga mahindi Kitale. Mwandishi ameona saini ya shemeji wa mbunge kwenye hati ya zabuni, akiwa mkurugenzi, akaandika kuwa kinu ni cha mbunge. Amechanganya vyeo viwili. Mkurugenzi huendesha kampuni, mwanahisa ndiye mwenye mali, na mtu anaweza kuwa mkurugenzi bila kumiliki hisa hata moja.

Nchini Kenya, tofauti hiyo inaonekana kwenye hati iitwayo CR12, inayotolewa na Msajili wa Kampuni na kuombwa kupitia eCitizen. Ina majina ya wakurugenzi, ya wanahisa, na idadi ya hisa za kila mmoja. Iombwe upya, kwa sababu ya mwaka juzi haithibitishi umiliki wa leo. Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

"Mhariri, katika toleo lenu la Jumanne, ukurasa wa 7, mliandika kwamba kinu chetu ni mali ya mbunge. Kampuni ina hisa 1,000. Ushirika wa wakulima una 600, na wanahisa wengine wawili wana 200 kila mmoja. Mbunge si mmoja wao. Shemeji yake ni mkurugenzi tangu 2021, lakini hana hisa. Tumeambatisha CR12 ya wiki hii. Tunaomba masahihisho yachapishwe."

Sentensi ya shemeji ndiyo inayoibeba barua hii. Ingefichwa, mwandishi angeiibua wiki inayofuata na hesabu yote ya hisa isingeaminika tena.

Hata hivyo, CR12 ina mpaka wake. Inamtaja aliyeandikishwa, na huenda anashika hisa kwa niaba ya mwingine. Tangu 2020 kampuni zinatakiwa kumjulisha Msajili wamiliki halisi, wakiwemo wenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, ila daftari hilo halikuwekwa wazi kwa kila mwananchi. Kwa hiyo usiandike kwamba hakuna mtu nyuma ya pazia kwa kutegemea CR12 peke yake. Waulize wanahisa kwanza.

Mhariri akinyamaza, Ibara ya 35(2) ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko ya Vyombo vya Habari. Basi siku ya kupeleka barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.