Sponji chafu na chunusi za mashavuni

Sponji ya kupakia faundesheni hutumiwa ikiwa imeloweshwa maji, na tabu yake huanzia hapo. Kila inapogongwa usoni hunyonya kipodozi pamoja na mafuta ya ngozi na seli zilizokufa. Ikifungiwa kwenye kipochi bado mbichi, bakteria na fangasi hupata unyevu, joto na chakula mahali pamoja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walipima vipodozi vilivyokwisha kutumika, na sponji ndizo zilizoongoza kwa vijidudu. Asilimia 93 ya sponji hizo hazikuwa zimewahi kuoshwa.

Brashi ya poda huchafuka taratibu kwa kuwa ni kavu, lakini ile ya faundesheni haipishani sana na sponji. Uchafu wake hurudishwa usoni asubuhi inayofuata, ukaziba matundu ya ngozi. Mafuta yakikwama ndani, bakteria wa chunusi, ambao kwa kawaida huishi humo bila madhara, huongezeka na ngozi hufura. Nywele za brashi zilizogandamana nazo huparuza ngozi, na msuguano huo peke yake unatosha kuwasha uvimbe. Dalili ya kutilia shaka ni vipele kujitokeza pale pale brashi inapopita, mashavuni na kidevuni.

Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10. Sponji ni vyema ioshwe kila inapotumika. Mpambaji wa maharusi naye hana siku ya kungoja: kifaa kilichogusa uso wa mmoja hakiendi kwa mwingine kabla ya kusafishwa, kwani hata maambukizi ya macho hupita njia hiyo.

Maji ya uvuguvugu na shampuu laini hutosha. Brashi huoshwa ikielekezwa chini, kwa sababu maji yakiingia kwenye pete ya chuma huyeyusha gundi na nywele zikaanza kung'oka. Kisha hukamuliwa kwa taulo na kulazwa ukingoni mwa meza, nywele zikining'inia hewani. Sponji hupakwa sabuni, hukamuliwa na kusuuzwa tena na tena. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Kazi huisha yanapotoka meupe. Huanikwa penye hewa. Ikionyesha madoa meusi, au ikinuka hata baada ya kuoshwa, hutupwa, maana ukungu umekwisha kuota ndani.

Tundu lililoziba huchukua wiki kadhaa kuwa chunusi, hivyo nafuu haionekani kesho yake. Iwapo miezi miwili itapita vifaa vikiwa safi na vipele vikaendelea, huenda chanzo ni homoni au kipodozi chenyewe, na wa kumwona ni daktari wa ngozi.