Fahamu: Kompyuta imekufa, leseni ya kuchorea ramani inahamaje?

Mchoraji wa ramani za nyumba mjini Kibondo amenunua laptopu mpya baada ya ile ya zamani kuungua. Programu inakataa kufunguka, kwa sababu leseni yake ya kudumu ilifungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao ya mashine ya kwanza.

Aliyelipia kwa mwaka, kama wateja wa sasa wa AutoCAD, huingia tu kwa akaunti yake. Mwenye leseni iliyofungwa kwenye mashine humwandikia mtengenezaji wa programu barua:

“Ndugu, naomba leseni yangu ihamishiwe kompyuta mpya. Ya zamani imeharibika, hivyo siwezi kuirudisha leseni mwenyewe. Naahidi kutoitumia tena humo. Nimeambatisha risiti, namba ya leseni, toleo la programu, na namba za mashine zote mbili.”

Namba ya mashine mpya hupatikana kwa amri hii ya Windows:

```
getmac /v
```

Chagua kadi iliyomo ndani ya laptopu. Ukitoa ya kifaa cha kuchomeka, leseni itagoma siku utakapokichomoa.