Hallonbergen Kipo, Programu Yasema Hakipo

Njia ya 11 ya treni za chini ya ardhi hapa Stockholm ina vituo 12, kuanzia Kungsträdgården katikati ya jiji hadi Akalla. Hallonbergen, kilichofunguliwa mwaka 1975, ni cha tisa. Tumevichukua vituo hivyo ili tueleze jambo linalowatatiza wengi wanaoanza kujifunza programu: utafutaji wa nusu kwa nusu, na kwa nini data lazima ipangwe kwanza.

Anayetafuta neno "pwani" katika kamusi haanzi ukurasa wa kwanza. Hufungua katikati. Akikuta maneno ya M, anajua pwani iko mbele, na kurasa zote za nyuma haziangalii tena. Kisha hugawa nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo hivyo. Kompyuta nayo hufanya hivyo:

```python
def tafuta(orodha, jina):
    chini, juu = 0, len(orodha) - 1
    while chini <= juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if orodha[kati] == jina:
            return kati
        if orodha[kati] < jina:
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati - 1
    return -1
```

Tuvipange vituo vyetu kwa alfabeti, tukihesabu nafasi kuanzia 0: Akalla, Fridhemsplan, Hallonbergen, Husby, Kista, Kungsträdgården, Näckrosen, Rådhuset, Solna centrum, Stadshagen, T-Centralen, Västra skogen. Tunatafuta Hallonbergen. Katikati, nafasi ya 5, yuko Kungsträdgården. H inatangulia K, basi tunabaki na nafasi 0 hadi 4. Katikati yake ni 2, nayo ni Hallonbergen. Tumekipata kwa kuangalia mara mbili. Kwa vituo 12 hatuwezi kuzidisha mara nne, na kwa majina milioni moja mara 20 zinatosha.

Sasa tuiache orodha kama treni inavyopita: Kungsträdgården, T-Centralen, Rådhuset, Fridhemsplan, Stadshagen, Västra skogen, Solna centrum, Näckrosen, Hallonbergen, Kista, Husby, Akalla. Katikati tunakuta Västra skogen. H inatangulia V, kwa hiyo programu inatupa kila kilicho baada yake, na Hallonbergen kimo humo. Inaendelea kwa Rådhuset, kisha Kungsträdgården, halafu inarudisha -1. Treni inasimama Hallonbergen, lakini programu inasema kituo hicho hakipo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kulinganisha jina moja la katikati kunatupa ruhusa ya kutupa nusu nzima bila kuiangalia. Ruhusa hiyo inatokana na mpangilio peke yake. Usipokuwepo, tunatupa tusichokijua.

Kosa hili ni la hatari kwa sababu halipigi kelele. Programu haikwami wala haitoi onyo. Zaidi ya hayo, katika orodha hiyo isiyopangwa, vituo vinne bado vinapatikana: Västra skogen, Rådhuset, Kungsträdgården na Stadshagen. Mwanafunzi akijaribu kimojawapo ataona kazi imekwisha, kumbe vinane vimepotea. Kwa hiyo njia ya kuipima ni kutafuta kila jina lililomo ndani ya orodha, moja baada ya jingine. Likirudi -1 hata mara moja, mpangilio una kasoro.

Tena, kupangwa hakutoshi. Lazima orodha ipangwe kwa kipimo kile kile tunacholinganishia. Orodha ya treni imepangwa vizuri kabisa kwa umbali kutoka Kungsträdgården, na anayetafuta kwa umbali angefanikiwa. Anayetafuta kwa jina ndiye anayepotea.

Lugha ya Kiswidi inaongeza mtego wake. Alfabeti yake huishia na Å, Ä, Ö. Python, ikilinganisha maneno kwa `<`, hufuata namba za herufi: Ä ni 196 na Å ni 197, yaani kinyume. Chukua vituo viwili vya njia ya kijani vilivyopangwa Kiswidi: Åkeshov, Ängbyplan. Mtafute Ängbyplan kwa msimbo wetu: unaangalia Åkeshov kwanza, unaamua Ä inatangulia, unakwenda kushoto pasipo na kitu, na kurudisha -1. Dawa ni kuipanga orodha kwa `sorted()` ya Python yenyewe kabla ya kutafuta, ili kupanga na kutafuta kufuate kanuni moja.

Je, tupange kila mara? Kupanga nako kuna gharama. Ukitafuta jina moja mara moja tu, kupitia orodha yote toka mwanzo hadi mwisho ni nafuu kuliko kuipanga. Ukitafuta mara nyingi katika orodha isiyobadilika, kama vituo vya treni, panga mara moja, kisha vuna kila utafutapo.